Barua Niliyobandika Mlangoni

Mimi ni mchoraji wa sura za watu hapa Likasi, na sina uvumilivu na wateja wasumbufu. Walinichosha na swali moja: picha wanayonitumia kwenye simu inaenda wapi? Mama mmoja alishakuta uso wake kwenye kibao cha kinyozi, na wengine waliogopa uchawi. Basi nikaandika barua, nikaibandika mlangoni:

"Wateja wapendwa, picha yenu tunaitazama tu ili tupate umbo la uso, mwanga na kivuli. Hatuionyeshi, hatumpi mtu. Mkishachukua mchoro, tunaifuta kwenye simu, kwenye ordinateri (kompyuta), na kwenye kapu linaloweka vilivyofutwa."

Nilijivunia barua hiyo, na niliifuata neno kwa neno.

Kisha akarudi mjane niliyemchorea mumewe, mfanyakazi wa machimbo ya Kakontwe. Mchoro ule ulikaa mbele ya waombolezaji siku zote za kilio.

"Patron, ba famiye ya bwana yangu balibeba tablo," akasema. "Na telefone balinyiba ku marché. Ile photo njo ilikuwa moya tu. Weye iko nayo?"

Mchoro umechukuliwa na wakwe, simu imeibwa sokoni, na picha ilikuwa hiyo moja tu. Nilijua jibu, lakini niliwasha ordinateri hata hivyo. Nikafungua kapu. Tupu. Nikatafuta kwenye simu, kwenye mazungumzo yetu. Nilikuwa nimefuta hata pale.

"Nilifuta, mama. Kama barua inavyosema."

Hakulia. Alisema tu kwamba mtoto wao wa mwisho bado ananyonya, na hatajua baba yake alifananaje. Niliichukia barua yangu kwa moyo wote.

Sijui nilichofikiri. Nilichukua karatasi na mkaa, ili tu mikono isikae bure. Nikaweka mstari wa paji la uso. Kisha nyusi, ile ya kulia juu kidogo. Mkono haukusita. Shavu lenye kovu dogo lilikuja lenyewe, na mdomo unaotaka kucheka mbele ya kamera. Nilikuwa nimeutazama uso ule kwa siku nyingi, nikiugawa kwa mistari ya kuchorea, mraba baada ya mraba, bila kujua kwamba nao ulikuwa unaingia ndani yangu. Niliogopa.

Mama alisogea, akaweka kidole hewani juu ya kovu bila kuligusa.

"Njo yeye," akasema. "Njo yeye kabisa."

Sikudai kitu. Ningedaije, kwa kazi ambayo sikujua kama ni yangu?

Alikunja karatasi ndani ya kitenge. Mlangoni akasimama, akaisoma barua polepole mpaka mwisho, kisha akanigeukia huku akitabasamu.

"Patron, hii barua yako inadanganya kidogo."

Jioni ile niliongeza mstari kwa kalamu: "Uso wenyewe hatuwezi kuufuta. Tutautunza, na hatutauchora mpaka mtuombe."