Kovu la Shavu la Kushoto

Kaka yangu anajua kuwapendezesha marehemu. Ndiyo kazi inayotuweka mjini. Mtu akifiwa huku Biharamulo, mazishi yakishapita huja studio kwetu na kapicha kadogo kalikokunjika, pengine ka kitambulisho, pengine amekakata kutoka picha ya harusi ya mtu mwingine, akasema anataka kubwa ya fremu, ya kuweka mezani siku ya kumaliza msiba. Kaka huiskani, humvua marehemu shati lake, humvisha suti nyeusi na tai nyekundu, humfuta madoa, humng'arisha ngozi, kisha humsimamisha mbele ya bustani ya maua ambayo wilaya nzima hakuna. Watu wakiiona hulia. Husema, "Jamani, kapendeza." Suti ni ile ile moja kwa wote, mpaka siku moja nikamtania kwamba huko waliko lazima wanaonekana kama kwaya. Hakucheka. Kazi yake haitanii.

Mimi nakaa mbele. Napokea wateja, naandika majina kwenye bahasha, najibu simu na ujumbe. Nina mdomo, sikatai, na kaka alikuwa akisema ameniweka pale ili wateja wakorofi wapate size yao.

Siku moja ujumbe uliingia asubuhi, mvua inapiga bati kiasi kwamba simu sikuisikia, niliiona tu ikiwaka. Ulitoka kwa mama mmoja wa Nemba aliyefiwa na mume. Yeye hakuja kuchukua picha. Tulikuwa tumeifunga kwa magazeti na kumpa dereva wa bodaboda ampelekee, kwa hiyo aliifungua akiwa kwake, mbele ya watu wake. Aliandika hivi:

"Picha nimepata. Huyu si mume wangu. Mume wangu alikuwa na kovu shavu la kushoto, mmelitoa. Hakuwa mweupe. Suti hakuwa nayo. Nimemwonyesha mtoto wake nikamwambia msalimie baba, akaniuliza huyu ni nani. Jumamosi tunamaliza msiba. Nitaweka nini mezani?"

Nilimsomea kaka. Aliinuka kwenye kompyuta kama mtu aliyetukanwa, akaichukua simu mkononi mwangu na kuanza kuandika kwa vidole viwili, kwa nguvu. Alipomaliza alinirudishia akasema, "Hebu angalia kama nimekosea maneno, halafu tuma."

Alikuwa ameandika: "Habari mteja. Pole kama hukuridhika na huduma. Hata hivyo studio yetu husafisha picha zote kwa utaratibu wa kawaida na wateja wengi hufurahia. Pia hukutoa maelekezo yoyote kuhusu kovu."

Maneno hayakuwa na kosa. Yalikuwa yamenyooka, na yote yalikuwa kweli. Lakini maneno ya namna hiyo niliwahi kuyapokea mimi.

Mama yetu alipofariki, nilirudi kutoka msibani na begi lake la nguo. Nilipanda nalo basi Kabanga, kondakta akaliweka kwenye buti, na niliposhuka halikuwepo. Ndani mlikuwa na kitenge chake alichokuwa akijifunga jikoni, ambacho sikutaka kukifua. Niliandika kwa wenye basi, niliandika vizuri tu, nikiwaeleza begi lilikuwa la nani. Jibu lilikuja likisema kampuni haihusiki na mzigo usiosajiliwa, na kwamba abiria wanakumbushwa kufuata utaratibu. Leo begi lenyewe nimeshaanza kulisahau, rangi yake sina hakika nayo. Jibu lile nalikumbuka neno kwa neno.

"Hii situmi," nilimwambia kaka.

"Kwa nini? Uongo uko wapi?"

"Hamna uongo. Anauliza ataweka nini mezani, wewe unamjibu habari za utaratibu."

Kaka alinijia juu. Alisema alikaa na uso ule nusu siku. Alisema ile picha ilikuwa imekunjika vibaya, mikunjo imepita usoni, na yeye aliona mstari shavuni akadhani ni mkunjo kama mikunjo mingine, akaufuta. Angejuaje? Amewapendezesha watu wangapi, na nani amewahi kulalamika? Hapo nikaelewa kwamba hakuwa na hasira na yule mama. Alikuwa ameumia. Yeye huamini kabisa kwamba mtu aliyelima maisha yake yote anastahili suti, walau mara moja, walau kwenye karatasi. Nilimwonea huruma. Hata hivyo sikumpa simu.

Nikaanza upya. Niliandika "pole kama umeumia," nikafuta "kama", maana kuumia ameshatuambia ameumia. Kaka, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akisoma begani kwangu, akasema niandike kwamba kumetokea hitilafu. Nikamuuliza hiyo hitilafu ilitokea yenyewe, ikaja ikakaa kwenye kiti chake? Nikaandika neno "lakini", nikalitazama, nikaona kila kitakachofuata baada yake kitakuwa cha kututetea sisi. Nikalifuta na sentensi yake. Mwishowe ujumbe ukawa huu:

"Mama, pole sana. Ulituletea uso wa mume wako, sisi tukakurudishia uso mwingine, mpaka mtoto hakumtambua baba yake. Tulifuta kovu na kumbadilisha bila kukuuliza. Kosa ni letu, tunaomba radhi. Picha uliyotupa bado tunayo kwenye kompyuta jinsi ulivyoileta. Leo tunaitengeneza upya, na kovu lake, rangi yake na shati lake. Kabla ya kuichapa tutakutumia uione kwenye simu, na tutachapa ukishasema ndiye. Ijumaa tutakuletea wenyewe Nemba, hutalipa chochote. Ile ya kwanza utatuambia unataka tuifanye nini."

"Hujaandika popote kwamba nilikuwa na nia nzuri," kaka alisema.

"Nia yako ndiyo ataiweka mezani?"

Nilijuta neno hilo hapo hapo, kwa jinsi lilivyomwingia. Nikatuma ujumbe. Alama za kusomwa zikatokea. Mchana kutwa nilikuwa nikiitazama simu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Jibu lilikuja jioni, neno moja: "Sawa."

Kaka hakuwa ameisubiri hiyo "sawa". Alishafungua ile picha ya mwanzo na kuikuza mpaka shavu likajaa kioo cha kompyuta. Safari hii alikwenda taratibu. Mkunjo wa karatasi hukata kila kitu, shavu, shati, hata ukuta wa nyuma, unanyooka tu. Kovu lilianzia chini ya jicho likapinda kufuata mfupa, likaishia karibu na mdomo, na ngozi ya pembeni ilikuwa imevutika kidogo. Akaondoa mikunjo na kuliacha kovu. Aliacha kola iliyochakaa. Aliacha ukuta wa udongo. Aliponiita nikatazame, nilikuta ni mwanaume mweusi wa makamo, amekunja uso kwa jua, anakaribia kucheka. Ndipo nami nikaona yule wa suti hakuwa akikaribia kufanya chochote.

Tulimtumia yule mama. Alijibu, "Ndiye."

Siku hizi kaka hagusi picha kabla ya kumuuliza aliyeileta, kuna alama gani usoni, tuiache au tuitoe, na nguo je. Wengi bado wanataka suti. Huwapa.

Ijumaa nilidhani nitakwenda peke yangu. Nilipotoka na picha nimeifunga, nikamkuta kaka ameshapanda bodaboda, amevaa shati lake la kanisani. Nemba ilikuwa imenyeshewa tangu alfajiri, barabara imelowa, na kila uwanja tuliopita watu walikuwa wakianua au kuanika maharage, wasijue waliamini jua au wasiliamini.

Pale nyumbani tulimkuta bibi, mama wa marehemu, amekaa kwenye mkeka barazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mmereta picha?"

"Tumeleta, bibi."

Yule mama akatoka ndani akijifuta mikono. Nilikuwa nimemfikiria mkubwa zaidi. Kaka aliinuka mkekani akaanza, "Mama, unajua sisi kwa kawaida pale studio..." Akasita. Akasema, "Nisamehe, mama," akakaa.

Yule mama alifungua magazeti polepole, akayakunja moja moja na kuyaweka pembeni. Akaitazama picha. Hakulia. Alitueleza, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za shamba, kwamba kovu lile mumewe alilipata siku upepo ulipong'oa bati la nyumba. Mtoto wao wa mwisho alikuwa mchanga, amelala mkekani. Baba yake alimlalia juu, bati likamchana shavu. Mtoto alipokua akawa halali mpaka alishike lile kovu. Alikuwa akilifuata kwa kidole, kuanzia juu mpaka chini, akifika mdomoni ameshalala. Tangu msiba, alisema, kumlaza ni kazi.

Ile picha ya kwanza alikuwa ameiweka tayari, ameifunika kwa kanga. Aliifunua, akajitupia kanga begani, akamkabidhi kaka bila neno kali. "Nendeni nayo," alisema. "Hana kosa naye, ila simjui."

Kisha akamwita mtoto. Alitoka nyuma ya nyumba, msichana mdogo ambaye bado hajaanza shule, miguu ina matope. Mama yake hakumwambia amsalimie mtu. Aliweka tu picha juu ya kiti, usawa wa mtoto, akarudi nyuma.

Mtoto alisimama. Akasogea. Sikumwona akifurahi, wala kushangaa, alikuwa kama mtu aliyekuwa akisubiriwa nyumbani naye amechelewa. Akanyoosha kidole na kukiweka chini ya jicho la baba yake, palepale linapoanzia kovu, akalifuata juu ya kioo cha fremu, likapinda naye akapinda, mpaka mdomoni. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamdondokea shati lake la kanisani.

Mtoto akarudia tena kutoka juu. Katikati ya shavu akasimamisha kidole, akageuka kututazama.

"Mama," alisema, "baba ana baridi."

Bibi alijifunika uso kwa kitenge. Mtoto akanitazama mimi, labda kwa kuwa mimi ndiye niliyeleta, akarudia kwa sauti ya kulalamika kabisa, kama mteja aliyepewa kitu nusu: baba ana baridi. Nilifungua mdomo. Mdomo huu wote nilio nao, na nikaufunga.

Yule mama akavua kanga begani, ile ile iliyofunika picha ya kwanza, akaizungushia fremu hadi shingoni mwa mumewe. Mtoto akaridhika, akarudi kwenye matope yake. Sisi tukaaga, kaka akaibeba ile picha ya suti kifuani, na mvua ikatukuta kabla hatujafika barabara kubwa.