Jina la Baba Kwenye Marejeleo

Zamani wasahihishaji walikaa wawili mezani, mmoja akitamka jina na mwaka kutoka kwenye maandishi na mwenzake akitia alama kwenye orodha ya marejeleo. Siku hizi mtu anabonyeza kitufe, anakwenda kunywa chai, na makosa yanabaki yamekaa kitako.

Mzee Alama, kama wanafunzi walivyomwita, alibaki peke yake katika duka la kuchapa tasnifu mbele ya lango la chuo. Mwenzake alishakufa, na mwenye duka hakuona haja ya kutafuta mwingine. Basi mteja akija, ilibidi asome mwenyewe, Mzee Alama akitia alama.

Asubuhi hiyo alikuja binti aliyeandika juu ya kuhifadhi mbegu, akifuatana na baba yake, mwalimu mstaafu. Jioni tasnifu ilitakiwa ofisini.

"Soma, mwanangu," Mzee Alama akamwambia binti.

Binti akasoma, kalamu ikatembea. Jina moja lilitajwa sura ya pili lakini kwenye orodha halikuwamo, wakaliongeza. Kisha wakaanzia kwenye orodha, wakasaka kila chanzo kilichokosa alama. Vingi vilikuwa vya sehemu ambayo msimamizi aliagiza ikatwe.

"Kichwa kimekatwa, kofia ya nini?" Mzee Alama akavifuta.

Kikabaki kimoja: kijitabu cha baba.

"Hiki umekitaja wapi?"

Binti akainama. "Sijakitaja, mzee. Nimekiweka kwa heshima. Ndiye aliyenifundisha kusoma."

"Shukrani zina ukurasa wake huko mwanzo. Hapa haingii mtu ambaye hakutajwa ndani."

Baba, ambaye alikuwa ameshawatangazia wote dukani kwamba jina lake limo, akakohoa. "Nitoeni tu. Sikuja kumharibia mtoto kazi." Lakini macho hakuyainua.

Kalamu ikasita. Alama ya bure Mzee Alama asingeitoa hata kwa ndugu yake. Kumfuta mzee mwenzake nako kulimuuma.

"Kijitabu chenyewe kinasema nini?"

"Majivu," baba akajibu. "Mbegu uichanganye na majivu, wadudu wataisikia kwa mbali tu."

Binti akafunua sura ya tatu mbiombio. "Baba! Majivu nimeyaandika hapa, aya nzima, na sikusema nimeyatoa wapi!"

"Uliyatoa wapi?" Mzee Alama akamkazia macho.

"Kwenye kijitabu chake. Nimeyasikia nyumbani tangu utotoni, nikadhani ni yangu."

"Cha nyumbani nacho kina mwenyewe. Ukurasa?"

"Wa tisa," baba akadakia kwa madaha.

"Kwa kichwa hapana. Kitabu."

Baba akakitoa mkobani. Majivu yalikuwa ukurasa wa kumi na moja.

"Hata mwandishi hukaguliwa," Mzee Alama akasema, na wote watatu wakacheka. Binti akaandika jina, mwaka na ukurasa mwishoni mwa aya. Ndipo kalamu ikashuka kwenye orodha, ikatia alama.

Mara ya mwisho Mzee Alama kuwaona, walikuwa wakivuka barabara kuelekea langoni, binti akiharakisha, baba akimvuta mkono wa shati asimame kidogo, amwonyeshe tena ile aya yenye jina lake.