Toa Mkono Mfukoni

Kiwandani walimwita Fyuzi kwa sababu ukimgusa kidogo tu, ameungua. Alikuwa fundi umeme wa miaka ishirini na sita, mdomo mwingi, na hakuwahi kukubali kwamba kuna swali la umeme linaloweza kumshinda. Ila asubuhi ile, ndani ya ofisi ya meneja, alikaa kimya kama kamwagiwa maji.

Mezani vilikuwa viatu vyeusi vya kazi vya shemeji yake, mume wa dada yake mdogo. Siku tisa zilizopita shemeji alinaswa na umeme kwenye chumba cha pampu, akafa kabla hawajamfikisha hospitali. Sasa mkaguzi wa usalama kazini, mama mmoja asiye na haraka, alikuwa amevirudisha viatu kutoka maabara.

"Feki, sivyo?" meneja aliuliza. Ungedhani anaomba.

"Si feki. Vimepimwa, vimefaulu."

Mkaguzi akawaeleza. Kiatu cha aina hii hujazwa gololi za chuma, kikawekwa juu ya wavu wa chuma, kikapigwa volti elfu kumi na nane kwa dakika moja. Umeme unaovuja usizidi miliampea moja.

"Huo ni mtihani wa kiatu kikavu, haumaanishi kwamba binadamu anaweza kushika volti elfu kumi na nane," alisema. "Kazini ni kinga ya ziada tu, kwa umeme usiozidi volti mia sita, pakavu, soli isiwe imelika wala kuchomwa msumari. Tena kinaziba njia moja peke yake, ile ya kutoka mwilini kupitia miguu kwenda chini. Marehemu mkono wa kulia uligusa waya, wa kushoto umeshika bomba la chuma. Umeme ulipita mkono kwa mkono, katikati ya kifua. Miguuni haukuwa na shida napo. Kosa la kwanza ni kutozima swichi kuu. La pili ni ule mkono wa kushoto."

Fyuzi aliinama akaangalia sakafu. Ule mkono wa kushoto aliujua vizuri mno.

Yeye ndiye aliyemfundisha shemeji kazi. Fundi aliyemfundisha Fyuzi mwenyewe alikuwa na amri moja: ukilazimika kupima umeme ukiwa umewaka, mkono mmoja uutie mfukoni, usije ukashika chuma bila kujua. Shemeji aliishika amri hiyo kwa miaka. Kisha dada akamnunulia mumewe viatu, vikaja na karatasi yenye ile elfu kumi na nane kwa maandishi makubwa. Fyuzi akaisoma mbele ya mafundi wote, akacheka. "Shemeji, toa mkono mfukoni! Umevaa kinga ya kiwanda kizima miguuni, bado unaogopa kama umevaa ndala?" Mafundi wakacheka. Shemeji, mtu wa aibu, akautoa mkono. Tangu siku hiyo hakuurudisha.

Jioni Fyuzi alivipeleka viatu kwa dada yake. Alimkuta jikoni, sufuria liko mekoni na moto haujawashwa. Dada alipoviona tu, akajifunika uso kwa kanga.

"Ni mimi, kaka. Duka lenyewe nililitilia shaka. Nikaona bora avivae hivyohivyo kuliko kukosa. Nimemuua mume wangu kwa viatu feki."

Fyuzi aliogopa. Angenyamaza tu, yangeisha. Meneja hatasema, mkaguzi keshaondoka, na mafundi wanamwogopa. Dada angeendelea kujilaumu, naye angeendelea kuitwa kaka mkubwa, anayeletewa chai kabla ya wengine. Alilitaka hilo kwa moyo wote, na alijichukia kwa kulitaka.

"Viatu vilikuwa vizima," alisema.

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Vimepimwa. Umeme haukupita miguuni, ulipita mikononi. Alikuwa na mazoea ya kutia mkono mmoja mfukoni. Mimi nilimcheka mbele za watu mpaka akautoa. Nilisoma namba kwenye karatasi, nikajifanya naijua maana yake."

Dada aliteremsha kanga. Alimtazama kwa macho makavu.

"Aliniambia," alisema. "Alipokuwa akitengeneza taa hapa nyumbani nilimuuliza, mbona siku hizi huuweki mkono mfukoni. Akasema, kaka yako amesema hakuna haja, na kaka yako anajua."

Fyuzi aliviweka viatu sakafuni.

"Siku tisa nimekuwa nikimwomba mume wangu msamaha," dada alisema. "Siku tisa unakuja hapa, unanisikia nalia, unakunywa chai yangu."

"Sikuwa na uhakika mpaka leo, dada."

"Ulikuwa nao."

Akaviokota viatu, akaviweka kando ya kitanda upande wa mumewe, akarudi, akamfungulia kaka yake mlango.