Mchele wa Tatu

Mkubwa jalala, na Mwajabu alikuwa jalala la watoto watano wa marehemu Bi Sabra. Harusi, msiba, mtoto kafukuzwa shule, yote yanatupwa kwake Mtunda. Hata grupu la familia kwenye simu aliundiwa, akafanywa mkuu wake, na hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Shaabani ilipoingia, zamu ikawa ya hitima ya mama. Mwaka jana Bushiri, kaka mtu wa Mbagala, alifika watu wameshanawa, akasema hakuambiwa saa. Safari hii Mwajabu aliapa hamwachii mtu kisingizio. Alitoka shambani mgongo umekataa kunyooka, akaketi kizingitini, akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Asalaam aleikum ndugu zangu. Hitima ya mama ni Jumapili hii, tarehe kumi na sita, hapa kwangu Mtunda, nyumba ya pili nyuma ya msikiti. Kisomo saa nne kamili asubuhi, chakula baada ya adhuhuri. Bushiri, mbuzi ni wako, afike Jumamosi. Yasmini, nazi thelathini na viungo. Abdulatifu, mchele kilo ishirini. Kuni, maji na sukari ya chai juu yangu. Tatu mdogo wangu, wewe njoo na watoto tu, usilete kitu. Tunajua hali yako."

Akaituma. Akajiona amefanya jambo la maana, maana Tatu, kitinda mimba wao wa Mohoro, mafuriko ya masika yalimlazia shamba zima la mpunga, na mumewe alikuwa ameondoka zamani. Ubinadamu gani zaidi ya huo?

Zikaanza kuingia "aamin" na "inshallah". Katikati yake yakatokea maneno mawili tu ya maandishi: Tatu ameondoka.

"Ala!" Mwajabu akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena mpaka kidole kikauma. Mwisho ikamjia sauti ya Tatu, peke yake, nje ya grupu.

"Da Mwajabu, watu thelathini na mmoja wamesikia. Kila mtoto wa mama umempa chake, mimi umenitajia njaa yangu. Mgeni ndiye anayeambiwa njoo na watoto ule. Basi kuleni, mimi kwenye hitima hiyo siji."

Mwajabu aliisikiliza mara mbili, akaweka simu kifuani. Alichoka, jamani, uchovu wa kutaka kulala siku tatu. Alimhurumia mtu, akamvua nguo hadharani. Na kwao kila anayezaliwa na marehemu hutia kitu chunguni, hata nazi moja, hata mzigo wa kuni. Asiyetia, mama yake anasomewa na wenziwe tu, yeye hahesabiwi mtoto. Hilo yeye ndiye aliyemfundisha Tatu, tangu Tatu hajui kufunga kanga. Akiikosa hitima hii kwa hasira, ataanza kuikosa na misiba.

Bushiri naye akaingia kwenye grupu: "Dada mwache tu, njaa ikimshika atakuja."

"Funga mdomo wako, na mbuzi nataka Jumamosi!" Mwajabu akamjibu, kisha akamrudisha Tatu kwenye grupu na kurekodi upya. Akarudia siku, mahali na saa, neno kwa neno, sauti imemkauka. Alipofika mwisho akasema: "Mchele umegawanyika. Abdulatifu kilo kumi na tano, Tatu kilo tano. Na lile nililosema mwanzo nimekosa mimi dada yenu. Tatu, mbele ya hao hao waliosikia, nisamehe."

Safari hii Tatu hakuondoka.

Jumapili saa mbili, masufuria hayajapanda jikoni, Tatu aliingia uani na watoto watatu na kifurushi kichwani. Mwajabu akakifungua. Mchele ulitwangwa kwa kinu, mfupi mfupi, chuya zimo.

"Tatu, huu umeutoa wapi?"

"Kwangu."

"Kwako kuna nini? Mpunga si ulikwenda na maji wote?"

Tatu akatazama pembeni. "Ulibaki wa mbegu, darini."

"Wa mbegu!" Mwajabu akakaa juu ya kinu. "Mvua hizo zinanukia, mwanamke wewe, utapanda nini?"

"Sijui, dada. Ulinitajia kilo tano, nimeleta kilo tano."

Mwajabu alitaka kuuficha ndani aurudishe Mohoro jioni. Lakini Tatu alisimama pale pale jikoni, mikono kiunoni, akingoja kuuona unaingia. Shangazi zao walikuwa wameshaanza kuvua viatu barazani. Mwajabu akauosha mchele ule mara tatu, taratibu, kisha akaumimina kwenye sufuria moja na wa Abdulatifu.