Sakafu Iliyomkataa Mama Damien

Mama Damien alipiga magoti tena salo, chumba cha kupokelea wageni, akalaza shingo upande na kuiangalia sakafu ya mkamwana wake kwenye mwanga wa mlango. Ukungu ulikuwa palepale. Asubuhi alikuwa amepiga deki chumba kizima mpaka jasho likamtiririka mgongoni, na makaro yale meupe, vigae vya sakafu, yakiwa bado na maji, yaling'aa hata ungeweza kuhesabu meno yako. Yalipokauka, basi tena! Michirizi mirefu iliyofuata mkono wake, na juu yake utando mweupe kama maji ya kuoshea mchele.

"Lakini nimekukosea nini?" akaiuliza sakafu. Msimcheke. Mtu akichoka huongea na chochote.

Jina lake la ubatizo ni Pudentienne, ila hapa Kavimvira, mtaa wa Uvira, wanamwita kwa jina la mwanawe. Alizaliwa Bwegera, akaolewa Bwegera, akalima mpunga Bwegera mpaka mto ulipohama njia yake na kulimeza shamba lote. Damien akaenda kumchukua. "Mama, twende Uvira. Utakula, utalala, hakuna mutu atakuomba kazi." Maskini, alidhani anasema neno zuri. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mama wa watu siku ya tatu alikuwa anazunguka uani akilitafuta jembe lake. Kupika, Fanny mke wa Damien alipika kabla ya kwenda kuuza vitenge sokoni. Kufua, Fanny huyohuyo. Ikabaki sakafu, na Mama Damien akaing'ang'ania. Aliogopa kitu kimoja tu hapa duniani: kula chakula cha watu akiwa amekaa.

Na kazi ya sakafu alidhani anaijua. Kwao nyumba inasilibwa. Unachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, unapaka kwa kiganja, unaacha pakauke, na kadiri unavyopaka ndivyo wanawake wenzako wanavyokusifu. Uzuri wa sakafu ni kile ulichokiacha juu yake. Basi alipokabidhiwa chupa ya sabuni ya maji, alimimina ndani ya ndoo bila huruma, povu likapanda mpaka kwenye mkono wa ndoo, akachovya torsho, kile kitambaa kizito cha sakafu, akapaka. Hakukikamua sana. Hakurudia kwa maji matupu. Kuosha tena kitu ulichokwisha kupaka sabuni nzuri? Huko si kujiharibia kazi?

Utando ulipotokea alisema sabuni haikutosha. Akaongeza. Utando nao ukaongezeka. Akaongeza tena. Ikafika mahali makaro yakawa yananata, miguu ya watu ikaacha alama, na vumbi la barabarani likashika humo kama nzi kwenye asali. Fanny hakusema kitu. Alipita tu, akaangalia chini, akapita. Ee Mungu, heri angegomba!

Aliyemwonea huruma ni Josée, jirani wa ukuta mmoja, ambaye kazi yake ni kupiga deki kwenye nyumba ya wageni karibu na ziwa. Alikuja kuomba moto, akaona ndoo, akashika kiuno.

"Yoo, Mama Damien! Hii ni sakafu ao ni nguo ya harusi? Uliweka sabuni ya ngapi?"

"Miye niliweka mingi, juu karo isafike."

"Ni ile inakuharibia. Maji inakauka, sabuni haikauki na kwenda. Inabaki pale. Hii nyeupe unaona haiko uchafu, mama, iko sabuni yako mwenyewe."

Mama Damien akautazama utando ule, kisha kiganja chake. Wiki zote hizi alikuwa anapigana na mkono wake mwenyewe.

Josée akamwonyesha. Kizibo kimoja cha sabuni kwa ndoo nzima ya maji, usizidishe hata ukisikia mkono unawasha. Torsho unalikamua mpaka liache kudondoka. Ukimaliza, ndoo ya pili, maji matupu, unapitisha tena. Yakichafuka unamwaga, unateka mengine. Halafu kitambaa kikavu.

"Lakini sikia vizuri," Josée akasema, akimwinulia kidole. "Hii ya zamani imeshikana. Leo usiweke sabuni kabisa. Maji ya moto kidogo, peke yake. Mara ya kwanza itaamka yote, itakuwa mubaya kupita vile iko sasa. Usiogope. Unarudilia, mara mbili, mara tatu. Itatoka."

Jumamosi, Fanny alipokwenda sokoni, Mama Damien alipasha maji. Akapitisha torsho mara ya kwanza, akalikamua, na maji yaliyotoka yalikuwa meupe kama maziwa. Moyo ukamruka kwa furaha. Akamwaga, akateka mengine. Sakafu nayo iliamka kweli kama alivyoambiwa: mabaka, mawimbi, michirizi iliyopishana, sabuni yote ya siku nyingi ikasimama mchana kweupe. Hakuogopa. Alijua kilichobaki.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Fanny amerudi mapema, na nyuma yake wamama wa korale, kwaya ya parokia, waliokuja kupanga mambo ya sikukuu.

"Fanny, kwako munaosha na bugali?" mmoja akatania, na wengine wakaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha utani tu, hakikuwa na ubaya. Fanny naye alicheka, lakini masikio yalimwiva. Mama Damien alikuwa amepiga magoti katikati yao na torsho mkononi, maji ya moto yakipoa, mdomo umejaa maelezo ambayo hakuna aliyeyauliza. Akabeba ndoo yake akatoka uani.

Jioni Damien alimvutia kiti karibu yake. Mtu akianza kwa kuvuta kiti, jua kuna neno.

"Mama, weye umetumika maisha yote. Sasa pumzika. Fanny amepata mama mumoja, Délice, atakuja kuosha."

"Mwanangu, imebaki kidogo. Josée alinionyesha. Ile ya leo ilikuwa inatoka. Niachie kesho tu."

"Mama, hakuna mutu amekasirika," Fanny akasema, na sauti yake ilikuwa laini kweli. "Tunakupenda. Utajiumiza magoti bure."

Utawajibu nini watu wanaokupenda? Mtu akikutukana utamtukana, akikufukuza utabishana naye. Mama Damien aliitikia kwa kichwa. Usiku ule aliisukuma sahani pembeni.

Délice alikuja Jumatatu, mwanamke mpole, mwenye mikono mikubwa. Alipasha maji, hakutia sabuni hata tone. Akapitisha torsho mara moja, akalikamua, yakatoka meupe kidogo tu. Akapitisha kitambaa kikavu. Ikawa imekwisha. Makaro yalikauka na kubaki meupe kama yai lililomenywa, bila mchirizi, bila ukungu. Fanny alisimama mlangoni akapiga makofi.

"Eheee! Délice, weye uko fundi! Mara moja tu!"

"Haikukuwa ngumu, madame," Délice akasema, naye akishangaa kidogo. "Ilikuwa karibu inatoka yenyewe."

Mama Damien alisikia, akiwa amekaa kitini pembeni. Alifungua mdomo. Fanny alikuwa anamwangalia kwa furaha, akimwonyesha sakafu kwa mkono ili naye aifurahie. Akaufunga mdomo.

Pembeni palibaki kipande kidogo hakijaoshwa, chini ya kiti chake. Délice akasogea na torsho, akainama kwa heshima.

"Mama, samahani. Inua miguu kidogo."

Akainua.