Boti: Alhamdulillahi

Juzi simu ililia mezani kwangu ofisini, mlio ule mfupi wa kundi la kazini, nami nikaifungua huku natafuna karanga. Ilikuwa picha. Mwanamke mnene wa buibui na ninja ya kufunika uso, wanaume wawili wamemshika mikono wanamvuta kutoka kwenye boti kumpandisha jetini, mguu mmoja uko kwenye ngazi na mwingine uko hewani. Mkononi ana kikapu cha ukindu chenye ukanda mwekundu. Juu ya picha, kwa herufi nyeupe zenye ukingo mweusi, imeandikwa: "Boti: Alhamdulillahi." Wenzangu walikuwa wameshamwaga emoji za kucheka, safu kwa safu.

Niliweka karanga chini. Picha ile naijua, maana nilikuwepo ilipopigwa.

Nilikuwa darasa la sita, nakaa Amu, mji wa Lamu, kwa khalati yangu, dada yake mama, kwa ajili ya shule. Mama alikuwa Chundwa, kisiwani Pate, na kila mwisho wa mwezi alipanda boti Mtangawanda kuja kuniona. Alikuja na mkate wa mofa uliofungwa kwa leso, ndimu za shambani kwake, na harufu ya udi iliyokuwa ikibaki kwenye mto wangu siku mbili tatu baada ya yeye kurudi. Goti lake la kulia lilikuwa bovu. Maji ya bahari yakitoka, boti inakuwa chini sana na ngazi za jeti zinateleza, kwa hiyo wachukuzi walimsaidia kupanda. Yeye alikuwa akiwaombea dua njia nzima ya kwenda nyumbani, mpaka mimi naona haya.

Mtoto wa khalati yangu, Fuad, alikuwa kidato cha nne na simu yake ilikuwa na kamera nzuri. Sitamnyima haki yake: alikuwa na kipaji. Kwenye kundi la familia na marafiki zake hakuna aliyemfikia kwa kuandika maneno ya picha. Punda aliyeingiza kichwa mlangoni mwa watu aliandikiwa neno moja tu, "Hodi." Paka aliyekaa mbele ya meza ya samaki, "Nangoja bei ishuke." Baba yake mwenyewe, aliyelala barazani na gazeti usoni, "Anasoma kwa ndani." Nilikuwa nikikaa karibu yake anapoandika, naye ananifundisha kama fundi anavyofundisha. Usiseme kile ambacho picha imeshakisema. Punda anaonekana, usiandike punda. Asiyesema mpe maneno. Kata, kata tena, na ukiona umebakiwa na neno la kueleza, litoe. Siku moja niliandika kitu kuhusu sufuria ya khalati iliyoungua, nyumbani wakacheka mpaka machozi, yeye akatikisa kichwa. Mtu wa Mombasa, akasema, ataijuaje sufuria ya mama? Maneno mazuri ni yale ambayo asiyekujua anacheka.

Siku ile tulikwenda jetini pamoja kumpokea mama. Fuad alipiga picha wakati anavutwa. Jioni alikaa nayo. Alijaribu maneno matatu manne akayafuta, kisha akaandika yale mawili, akacheka peke yake. Hakuyaandika chini ya picha kama kawaida, maana watu wakiituma mbele maneno ya chini yalikuwa yakidondoka. Aliyabandika juu ya picha yenyewe, yasitoke. Halafu akakata pembeni. Kule pembeni nilikuwepo mimi, mkono nimeunyosha kwa mama, nacheka. Alisema namharibia, jicho la mtu linakwenda kwa mtoto badala ya kwenda kwenye boti.

Nami nilikasirika, jamani, nilikasirika kweli, lakini kwa sababu ya kitoto: amenikata! Nililia kwa kukatwa. Mama yangu niliona kama hakuguswa, si uso wake umefunikwa? Fuad naye aliona hivyo hivyo. Khalati alipoiona akamwita na kumwambia aifute, Fuad aliapa kuwa hakuna kosa: hakuna jina, hakuna uso, ni buibui tu, na mabuibui yako mangapi Lamu. Kisha akaifuta mbele ya macho ya mama yake, kwenye simu yake yeye. Khalati akaridhika. Ilikuwa imeshalala kwenye simu za watu usiku mmoja.

Hebu niambieni, mtu aliyekulia kwetu anasemaje maneno hayo? Tangu lini mwanamke wa kisiwani akajulikana kwa uso? Tunamjua kwa mwendo, kwa anavyolishika buibui lake, kwa kikapu. Ukanda ule mwekundu mama aliushona mwenyewe, na Pate nzima ilijua kikapu kile ni cha nani. Ninja imewafanya vijana wetu wengi wadhani kuwa aliyejifunika hana mwenyewe.

Mwezi uliofuata mama hakuja. Wala uliofuata. Nilisimama jetini naangalia abiria mmoja mmoja, mpaka boti inabaki na nahodha anayefuta viti. Shule ilipofungwa nikapelekwa Chundwa, nikamuuliza kwa ukali kwa nini ananitupa. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Siyi tena Amu, mwanangu," alisema. "Goti halitaki."

Nilimwamini. Nililichukia goti lile miaka, nikamchukia kidogo na yeye, kwa kuwa niliona wenye magoti mabaya zaidi wakisafiri.

Habari yenyewe niliipata nimeshakuwa mtu mzima, kutoka kwa khalati, tukiwa tunakunja nguo. Wiki ile ile ya picha kulikuwa na harusi Chundwa. Mama alikuwa amekaa chini na wanawake wenzake, na alipoinuka, kwa shida kama kawaida yake, msichana mmoja nyuma akasema, "Alhamdulillahi." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama akadhani wanacheka jambo jingine. Akaenda kula, akainuka, wakasema tena. Aliyemwonyesha picha ni mtoto wa jirani, bila ubaya. Tangu siku hiyo mama akitaka kuinuka mbele za watu anasubiri kwanza wengine watoke. Na neno lile, ambalo alikuwa akilisema kila akishusha pumzi, alianza kulisema kimoyomoyo. Mama yangu. Neno la kumshukuru Mungu walimnyang'anya kwa ajili ya mzaha wa maneno mawili.

Fuad sasa ni baba wa watoto. Nilimpigia simu siku niliyoambiwa. Alisema alikuwa kijana, na kwamba picha zile hakuna anayezikumbuka.

Hakuna anayezikumbuka, na juzi imenikuta Nairobi mezani kwangu, kwa watu ambao Pate hawawezi kuionyesha kwenye ramani. Imefika kwa sababu ile ile aliyonifundisha yeye: haihitaji maelezo. Goti linahitaji maelezo. Mkate wa mofa unahitaji maelezo, na mtoto aliyekuwa pembeni na mkono wake. Vyote vilivyomfanya mwanamke yule kuwa mtu vilikatwa ili asafiri vizuri.

Nilianza kuandika habari nzima kwenye kundi, nikaandika mpaka kidole kikachoka, kisha nikafuta. Nikaandika maneno matatu: "Huyo ni mamangu."

Baadaye aliyeituma akaniandikia pembeni. Samahani sana, alisema, hakujua kama ni mtu ninayemjua.

Sijamjibu mpaka leo. Kila nikiifungua simu nausoma ujumbe wake, na kila nikiusoma nauona ulivyo: kama angekuwa mama wa mwingine, tungekuwa bado tunacheka.