Madam Kageha na Kobe wa Wastani

Madam Rodah Kageha alikuwa mwalimu mkuu wa shule yetu ya Lwangavo kwa miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote nilimwona akiogopa kitu kimoja tu. Alimwogopa kobe.

Si kobe wa kutembea, huyo angemsukuma kando kwa kiatu. Nasema kobe wa mbao, mkubwa kama karai, ambaye zoni yetu ya elimu kule Maragoli ilimtoa kila mwaka Siku ya Elimu. Shule iliyopata wastani mzuri katika mtihani wa darasa la nane ilipewa fahali. Shule iliyoanguka sana ilipewa kobe, akae juu ya meza ya mwalimu mkuu mwaka mzima, kila mzazi akiingia amwone. Na ukimpata kobe miaka miwili mfululizo, unanyang'anywa shule, unarudishwa darasani kushika chaki mbali na kwenu.

Mwaka 2006 tulimpata. Na asubuhi ile ya Februari 2007, mimi Ezra Adagala, naibu wake, mtu mzima mwenye shahada ya ualimu na goti bovu, nilipanda kilima kwenda kanisani kwenye mkutano wa Siku ya Elimu nikiwa na kobe kichwani ndani ya gunia.

"Mwalimu Adagala, tembea vizuri," Madam akaniambia. "Watu watadhani umeiba jiwe la kusagia."

"Heri ningeiba, Madam. Jiwe lingekuwa na faida."

Hakucheka. Nikajua mambo si mazuri. Alikuwa amebaki na miaka mitatu astaafu, na Lwangavo aliijenga yeye, kuanzia vyoo hadi ile miti ya mvule uwanjani. Kumpeleka darasani ugenini katika umri ule ilikuwa ni kumzika akiwa hai, na wote tulijua.

Nje ya kanisa fahali alikuwa amefungwa tayari, anakula maua ya mchungaji. Kando yake alisimama hedimasta Asava wa shule ya Chandevu, suti ya kijivu, tai nyekundu, anampapasa fahali shingoni utadhani wamezaliwa tumbo moja.

"Madam Kageha! Umemleta mgeni wangu?" akauliza, macho kwenye gunia.

"Nimemleta. Ukimtaka mchukue."

"Aka! Huyo amezoea kwako. Nisije nikamtenganisha na familia."

Walimu wakaangua kicheko. Nami nilicheka kidogo, Mungu anisamehe, halafu nikakumbuka ni mimi niliyembeba.

Ndani, afisa wa takwimu kutoka ofisi ya elimu ya wilaya, kijana anayeitwa Elphas Mudeyi, alikuwa anapigana na projekta. Alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi hadi mikono ina kona. Picha ilipokubali kutulia ukutani, juu kidogo ya madhabahu, ilikuwa na mistari miwili. Mmoja ulipanda, mwingine ukashuka.

"Huu unaopanda ni idadi ya wanafunzi," akasema. "Tangu elimu ya msingi iwe bure mwaka 2003, zoni hii imeongeza wanafunzi zaidi ya nusu. Huu unaoshuka ni wastani wa mtihani. Kwa ufupi, ndugu walimu, watoto wameingia, elimu imetoka."

Watu wakaguna kwa kukubali. Maneno matamu yanapenya haraka. Kisha akaleta Lwangavo peke yake, kama mfano. Wastani wa mwaka 2002, alama 271 kati ya 500. Wastani wa mwaka 2006, alama 238. Anguko kubwa kuliko shule yoyote. Mapendekezo yalikuwa mawili: zoni irudishe mchujo, yaani mtoto wa darasa la saba asiyefikisha alama 250 asiandikishwe mtihani, arudie darasa. La pili hakulisema. Alimtazama tu kobe, ambaye mimi mjinga nilikuwa nimekwisha kumtoa kwenye gunia na kumweka mbele pale, anang'aa.

"Maswali?" akauliza mwenyekiti, mchungaji mwenye haraka ya chakula cha mchana.

Madam Kageha akasimama. Mkononi alikuwa na daftari la zamani la mahudhurio, limefunikwa kwa gazeti. Lilikuwa la mwaka 2001, na nililijua vizuri mno.

"Bwana Afisa, asante kwa kazi nzuri. Nisaidie. Hiyo 271 ya mwaka 2002 ni wastani wa watoto wangapi?"

Elphas akapekua karatasi. "Kumi na tisa, Madam."

"Na hiyo 238?"

"Sitini na wawili."

"Ala! Kwa hiyo umepanga foleni ya watu kumi na tisa na foleni ya watu sitini na wawili, ukauliza ipi ina watu warefu zaidi kwa wastani. Hao kumi na tisa waliingiaje kwenye foleni?"

"Madam, hilo sina kwenye jedwali."

"Mimi ninalo." Akafungua daftari. "Darasa la saba, mwaka 2001, watoto arobaini na mmoja. Januari 2002, darasa la nane, kumi na tisa. Ishirini na wawili wameenda wapi?"

Hapo nje fahali akalia, na hakuna aliyecheka.

Asava akapaza sauti kutoka kiti cha mbele. "Si walikosa karo! Enzi hizo tulilipisha."

"Saba walikosa karo," Madam akasema. "Kumi na watano niliwafukuza mimi. Niliwapa mtihani wa mchujo, nikawaambia warudie au watafute shule nyingine, nikijua wazazi wao hawawezi. Mwalimu Adagala hapa aliandika orodha. Au ninasingizia, mwalimu?"

Nilitamani sakafu inimeze. "Husingizii, Madam," nikasema. "Niliandika kwa kalamu nyekundu."

"Na Februari 2003 zoni hii ikanipa fahali. Tulimla hapa hapa. Mchungaji, wewe ulipewa ini."

Mchungaji akakohoa na kuangalia Biblia yake.

Elphas hakuwa mjinga, namheshimu kwa hilo. Alikuwa ameketi anapiga kikokotoo. "Madam, ukiniruhusu. Nikichukua kumi na tisa bora wa mwaka 2006, wastani wao ni 289. Ni juu kuliko 271. Lakini nao nitakuwa nimewachagua, kati ya sitini na wawili, si kati ya arobaini na mmoja. Hilo nalo si sawa."

"Si sawa kabisa. Ndiyo maana sijakuuliza hilo. Niambie waliopita 250. Wangapi, mwaka ule na mwaka jana?"

Akatafuta. "Mwaka 2002, kumi na watatu. Mwaka 2006, ishirini na wanne."

"Haya. Ishirini na wanne ni wachache kuliko kumi na watatu?"

Walimu wakaanza kupiga meza. Nilipiga ya kwangu mpaka chai ikamwagika.

"Tulieni!" Madam akawakemea sisi, watu wake. "Sijasema elimu yetu ni nzuri. Nina watoto mia moja na kumi na wanane darasa la kwanza, mwalimu mmoja. Wiki jana niliketi na darasa la tatu, nikampa kila mtoto aya ya kitabu cha darasa la pili. Kati ya watoto tisini, thelathini na wanne ndio walioisoma. Hilo linaninyima usingizi. Lakini hata hilo silijui lilikuwaje mwaka 2002, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapima. Na alama za mtihani wa taifa husawazishwa kila mwaka. Zinaonyesha mtoto amesimama wapi kati ya wenzake wa mwaka huo, hazionyeshi kama anajua kusoma kuliko dada yake. Bwana Afisa, sema elimu imeanguka ukitaka. Lakini usiseme kwa mstari huo."

"Na kwa nini wewe usitumie mchujo kama wenzako?" mtu akauliza nyuma.

"Wenzangu wapi? Serikali imekataza." Akageuka polepole. "Hedimasta Asava, darasa lako la saba mwaka 2005 lilikuwa na wangapi?"

"Madam, hiyo si mada ya leo."

Elphas akajibu kwa niaba yake, karatasi ikiwa mkononi. "Chandevu, darasa la saba, sabini. Darasa la nane, mwaka uliofuata, ishirini na wanne."

Asava akasema anaenda kumwangalia fahali wake asije akakata kamba. Hatukumwona tena hadi saa ya kula.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimeanza kumfungia kobe gunia kwa furaha pale sauti ilipotoka mlangoni, kwa akina mama waliokuwa wakipika chai.

"Madam, mimi nina swali."

Alikuwa Sabeti Kavosa, msichana wa ishirini na mmoja, mwiko mkononi, kitenge kimelowa. Mtoto wake yuko kwetu chekechea.

"Umeuliza tumeenda wapi. Mimi hapa. Nilikuwa wa tatu kwa ile orodha nyekundu. Nilipata 246. Nimekuwa nikichemsha chai ya mikutano yenu tangu siku hiyo. Swali langu ni hivi: mimi mmenihesabu kwenye mstari gani, huo unaopanda au huo unaoshuka?"

Elphas akatazama ukuta. Akazima projekta.

"Wewe humo," akasema. "Humo popote."

Madam Kageha, ambaye asubuhi yote alikuwa amesimama wima kama mlingoti, akakaa. Alifunika uso kwa lile daftari. Nilimsikia akisema, "Nisamehe, mwanangu," na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mwalimu.

"Samahani nimeisikia," Sabeti akasema. "Lakini la nane nitaingia lini?"

Mchungaji akaahirisha habari ya mchujo na ya kumhamisha Madam hadi madaftari ya shule zote yakaguliwe. Fahali hakupewa Asava, alirudishwa kwa mkulima aliyemleta. Kobe hakuna aliyethubutu kumkabidhi mtu, kwa hiyo mtu fulani alitakiwa kumrudisha Lwangavo, na huyo mtu alikuwa mimi na goti langu. Hakupelekwa ofisini tena. Alizuia mlango wa darasa la nane usipigwe na upepo.

Sabeti alikaa darasa la saba miezi iliyobaki, na Januari akaingia la nane, amevaa sare aliyojishonea. Siku ya kuandikisha watahiniwa Madam alinipa kalamu na kusema, "Andika wewe." Nikaandika jina lake, kwa wino wa bluu.

Matokeo yalipotoka alikuwa na alama 187. Wenzake hamsini na wanane walikuwa na wastani wa 244, na yeye akaushusha hadi 243. Madam alinituma nipige hesabu mara ya pili. Nilipomletea jibu lile lile akachukua chaki, akaandika 243 ubaoni kwa tarakimu kubwa, na chini yake akaandika 59. Kisha akaipigia mstari ile 59.